Ukibadilisha kichwa kwenye picha ya kundi, unganisha rangi kwa upana na ngozi kwa wembamba

Kila anayehariri picha za makundi anaijua hali hii. Watu kumi wamesimama, tisa wametoka vizuri, mmoja kafumba macho. Fremu iliyopigwa sekunde tatu baadaye yeye katoka vizuri ila wengine wawili wametazama pembeni. Unachukua kichwa chake kutoka fremu ya pili na kukipachika kwenye ya kwanza. Tunazungumzia kazi hiyo tu: mtu yuleyule, nguo zilezile, kikao kilekile, naye ameomba au amekubali. Kwenye picha za habari usifanye hata hivyo, kwa sababu pale msomaji anaamini alichokiona ndicho kilichotokea.

Kupachika si kazi ngumu. Shida huja pale unapolainisha ngozi ili kuficha mshono. Rangi zinalingana, mwanga unalingana, lakini uso mmoja kati ya kumi unang'aa kama wa sanamu ya dukani, na jicho la mtazamaji linaenda moja kwa moja hapo. Wengi hudhani kosa ni kutumia brashi kupita kiasi. Mara nyingi ngozi ilikwisha kufa kabla hata brashi haijashikwa.

Huo ulaini una vyanzo viwili. Cha kwanza ni kukisogeza kichwa. Ukikizungusha nyuzi 3 au kukipunguza hadi asilimia 94, Photoshop inalazimika kukokotoa kila pikseli upya kwa kuchanganya zile za jirani, na kila mchanganyo unakula kidogo ncha za vitundu vya ngozi na zile chenga ndogo za kamera. Ukizungusha, ukakubali, kisha ukapunguza, kisha ukazungusha tena, umelainisha mara tatu. Kwa hiyo kabla ya kugusa chochote, geuza leya ya kichwa iwe Smart Object, kisha ukizungushe na kubadili ukubwa wake mpaka uridhike. Hapo hesabu inafanywa mara moja tu, kutoka kwenye pikseli za asili.

Chanzo cha pili ndicho kinachoangusha wengi, nacho ni maski yenye kingo laini. Pale maski inapofika nusu kwa nusu, unachokiona ni wastani wa ngozi mbili. Rangi hupenda wastani, ngozi haipendi. Kitundu cha fremu ya kwanza hakiangukii juu ya kitundu cha fremu ya pili, basi vinafutana. Chenga nazo hufutana: mchanganyo wa nusu kwa nusu wa fremu mbili zenye chenga sawa hubakiza takriban asilimia 70 tu ya nguvu yake. Matokeo yake ni utepe laini unaozunguka shingo au taya, upana ule ule wa ukungu wa maski yako. Ukiona utepe huo ukashawishika kulainisha na sehemu za jirani ili zifanane nao, umeanza safari ya plastiki.

Dawa ni kutenganisha picha sehemu mbili, rangi na mparuzo, halafu kila sehemu uipe maski yake. Rangi ni vivuli na mng'ao mpana. Mparuzo ni vitundu, mistari midogo, malaika na chenga. Wengi hutumia mbinu hii kusafisha uso mmoja. Hapa tunaitumia kuunga picha mbili, na ndipo inapolipa zaidi.

Tuchukue picha ya pikseli 6000 kwa 4000, ambapo uso una urefu wa pikseli 450 hivi kutoka kidevu hadi nywele. Kichwa kipya kimekwishalingana kwa mkao na kwa rangi, umeshageuza leya yake kuwa pikseli za kawaida, na bado hujaiwekea maski. Acha pambizo ya kutosha kuzunguka kichwa, angalau pikseli 60, la sivyo ukungu utakaofuata utaleta uwazi kwenye kingo. Nakili picha ya msingi mara mbili, nakili na leya ya kichwa mara mbili. Nakala moja ya kila picha iwe ya rangi, nyingine ya mparuzo.

Nakala za rangi zipitishe kwenye Gaussian Blur kwa kipimo kimoja. Anza na 0, panda taratibu, na usimame pale vitundu vinapotoweka lakini ukingo wa mdomo bado unasomeka. Kwa uso wa pikseli 450, kwa kawaida ni karibu na 3. Usikariri namba hiyo, kwa sababu uso mkubwa mara mbili utahitaji kipimo kikubwa zaidi. Kisha simama juu ya nakala ya mparuzo, fungua Apply Image, chagua nakala ya rangi ya picha hiyohiyo kwenye Layer, na uweke hivi kwa faili ya biti 8:

```
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
Opacity: 100%
```

Kwa faili ya biti 16 tumia hivi:

```
Blending: Add
Invert: on
Scale: 2
Offset: 0
```

Nakala ya mparuzo itageuka kijivu chenye michoro hafifu. Zile mbili za mparuzo ziweke kwenye kundi moja juu kabisa, ya msingi chini na ya kichwa juu yake, zote zikiwa Normal ndani ya kundi. Kundi lenyewe ndilo unaloliweka Linear Light. Hapa watu hukosea: ukiweka Linear Light kwenye kila leya badala ya kundi, mparuzo wa zamani na mpya hujumlishana na ngozi inakuwa kama ganda la chungwa. Chini ya kundi weka rangi ya kichwa, na chini yake rangi ya msingi.

Sasa maski. Rangi ya kichwa, pale inapokutana na ngozi ya shingo, ipe maski yenye Feather ya pikseli 15 hadi 20, ili weusi wa shingo moja uyeyuke ndani ya nyingine. Mparuzo wa kichwa upe maski ya brashi ngumu, Hardness 90 hadi 100, ukungu usiozidi pikseli 1. Katika kila pikseli utakuwa na ngozi ya fremu moja tu, haikuchanganyika na yoyote. Mshono mkali wa mparuzo hauonekani, kwa kuwa hauna tofauti ya rangi ya kuusaliti, hasa ukiupitisha kwenye mkunjo wa shingo au chini ya kivuli cha taya badala ya kuukatiza katikati ya uwazi.

Kuna mahali kanuni hii haifanyi kazi. Kwenye ukingo wenye tofauti kubwa, kama nywele nyeusi mbele ya ukuta mweupe au sikio mbele ya anga, maski ya rangi nayo lazima iwe nyembamba na ifuate njia ileile ya mparuzo. Ukiiacha pana hapo, utapata ukungu wa kichwa cha zamani nyuma ya ukingo wa kichwa kipya, kama mtu ana kivuli cha mwanga. Pana kwenye ngozi tupu, nyembamba kwenye kingo kali.

Baada ya hapo pima chenga, usibahatishe kwa macho pekee. Chagua mraba wa pikseli 40 kwa 40 kwenye ngozi tambarare ya shingo ya msingi, fungua paneli ya Histogram kwenye Expanded View, bonyeza alama ya onyo ili isome data halisi, uandike namba ya Std Dev. Rudia kwenye ngozi ya kichwa kipya iliyo karibu na yenye mwanga sawa. Tuseme shingo inatoa 4.1 na kichwa 3.5, kwa sababu ya ule mzunguko wa nyuzi 3. Kwa maski moja laini ya kawaida, katikati ya mshono pangekuwa karibu 2.7, ndipo ule utepe unapozaliwa. Sisi tumeuepuka, tumebaki na pengo la 4.1 na 3.5.

Lizibe kwa leya mpya yenye kijivu cha asilimia 50, hali ya Overlay, maski ileile ya mparuzo wa kichwa. Weka Add Noise, Gaussian na Monochromatic, halafu Gaussian Blur ya 0.4, kwa sababu chenga za kamera huwa na uvimbe kidogo kuliko punje kavu za programu. Punguza Opacity mpaka mraba usome 4.1. Usishangae ukihitaji chenga nyingi kuliko pengo linavyoonekana, maana haziongezeki kwa kujumlisha tu:

```
√(4.1² − 3.5²) ≈ 2.1
```

Sasa ndipo unaruhusiwa kugusa kasoro. Chunusi moja iliyobaki ishughulikie kwenye leya ya mparuzo, kwa Clone Stamp yenye ukingo mgumu, Sample ikiwa Current Layer. Chukua ngozi ya sehemu ileile: paji kwa paji, shavu kwa shavu. Vitundu vya pua ni vikubwa kuliko vya shavu, na kila kitundu kina upande wa mwanga na upande wa kivuli, kwa hiyo ngozi ya shavu la kushoto iliyogeuzwa kwenda kulia huonekana ya uongo hata kama mtazamaji hawezi kusema ni kwa nini. Baka la rangi lishughulikie kwenye leya ya rangi, kwa brashi laini yenye Flow ya asilimia 3 hadi 5. Ile tabia ya kuzungushia Lasso shavu zima na kulitia ukungu iache. Inafuta mpito kati ya mng'ao na kivuli, na mpito huo ndio unaoonyesha kwamba uso una mfupa ndani.

Na kama majirani zake tisa hawakusafishwa, mng'ao wa jasho puani mwake uache. Kipimo cha uso uliopachikwa ni nyuso zilizo pembeni yake, si ngozi unayoitamani wewe.

Kabla ya kufunga, zima leya za rangi, weka kijivu cha asilimia 50 chini ya kundi, na juu ya leya zote Curves yenye mteremko mkali. Unabaki na mparuzo peke yake. Sehemu yoyote iliyolainika itajitokeza kama bwawa la kijivu lisilo na punje, na mara nyingi utalikuta chini ya macho au kando ya taya. Rudi hapohapo, rekebisha, ondoa kile kijivu na Curves, washa rangi. Usinoe kichwa peke yake. Unganisha leya zote kwanza, unoe picha nzima mara moja, kisha uitazame kwa asilimia 100, na baadaye kwa ukubwa ule itakapotazamwa.