Kifurushi cha fizio mara 20: bega moja lilinimalizia 360,000

"Wakuu, mama ana miaka 53, bega la kushoto halipandi tangu mwezi wa pili na usiku halali. Kliniki moja hapa Buzuruga wametupa ofa ya fizio mara 20 kwa 400,000 badala ya 600,000, wakaongeza vikao 6 vya ushauri nasaha kwa 120,000 maana tangu mzee afariki hayuko sawa. Mwisho wa ofa Jumamosi. Bei ya kawaida hapa Mwanza ni shilingi ngapi kwa mara moja? Aende mara ngapi? Na kuna fizio anayefika nyumbani Kisesa?"

Mdogo wangu, usilipe hiyo hela. Salamu tutapeana baadaye. Nimelisoma swali lako nikiwa Mwaloni napima dagaa, nikamwacha mteja na ndoo yake mkononi, maana hiyo ofa yako naijua kama sura ya mkwe wangu.

Mimi lilikuwa bega la kulia, nikiwa na miaka 49. Mwanzo nilidhani ni uchovu wa kushusha magunia. Baada ya miezi miwili nikawa siwezi kufunga sidiria kwa nyuma, siwezi kusuka nywele zangu mwenyewe, na usiku nikigeukia upande ule naamka na machozi. Shemeji yangu, Mungu amsamehe maana mimi bado, akanipeleka kwenye kliniki moja mjini ambako alikuwa anafahamiana na watu. Dada wa mapokezi, narudia, wa mapokezi, akaniuliza linauma tangu lini, nikamjibu, akafungua kitabu cha risiti. Mara moja ni 25,000, ukichukua mara 20 unalipa 360,000, yaani kila mara inakuangukia 18,000. Mimi ni mfanyabiashara. Nikisikia bei imeshuka kutoka 25 hadi 18 mkono unaenda kwenye pochi wenyewe. Nikalipa kabla sijavua hata mtandio.

Ndani ikawa hivi: taa ya joto dakika 15, mashine ya umeme ile yenye viraka dakika 15, halafu kijana mmoja mwenye mikono kama ya mpiga kasia anaunyanyua mkono wangu mpaka nione nyota mchana. Nikipiga kelele ananiambia bila maumivu hakuna kupona. Mara ya 6 nilirudi nyumbani nikakaa siku tatu bila kulala. Mara ya 9 niliugomea mlango. Nikaomba mara 11 zilizobaki apewe dada yangu mwenye mgongo, wakanigeuzia kadi nyuma: malipo hayarudishwi, kadi haihamishiki, mwisho siku 60. Maandishi madogo kama mayai ya dagaa.

Sasa hesabu ambayo nilipaswa kuipiga kabla. Gawanya bei ya kifurushi kwa bei ya mara moja: 360,000 kwa 25,000 ni 14 na kidogo. Kwa hiyo faida yangu ilikuwa inaanza mara ya 15. Nilikwenda mara 9, ambazo kwa kulipa mojamoja ni 225,000. Nilipoteza 135,000, na kila mara niliyolala pale ilinigharimu 40,000, siyo 18,000. Weka na boda na daladala, 4,000 kwenda na kurudi, na asubuhi zote ambazo dagaa wangu waliuzwa na mtu mwingine. Ofa yako ni hiyohiyo: 600,000 kwa mara 20 ni 30,000 kila moja, na 400,000 yako haianzi kukulipa mpaka mama afike mara ya 14. Swali lote ni kama bega lake litahitaji mara 14 kabla kadi haijaisha muda. Aliyekupa ofa kalishika hilo bega?

Na hapa ndipo pananikera kuliko hela. Baadaye nilikwenda hospitali ya serikali, nikamkuta fizio mmoja mtulivu, kasomea Moshi. Hakuwasha mashine yoyote. Alinikalisha, akaniambia nibane kiwiko ubavuni, mkono umekunjwa mbele kama nimebeba trei, kisha nizungushe kiganja kuelekea nje. Kushoto kulienda vizuri, kulia kukagoma. Akajaribu kuusogeza yeye mwenyewe taratibu, ukagoma palepale kama mlango wenye komeo. Akachukua kile kirula cha plastiki chenye mikono miwili wanachopimia viungo, akaandika: kushoto nyuzi 60, kulia nyuzi 10. Picha ya eksirei haikuonyesha tatizo la mfupa. Akasema, mama, hili ni bega lililoganda.

Alinieleza kwamba kuna mfuko unaozunguka kiungo cha bega. Katika ugonjwa huu mfuko unavimba, kisha unakakamaa na kusinyaa. Miezi ya kwanza ni ya maumivu, hasa usiku. Halafu maumivu yanapungua lakini bega linabaki gumu. Halafu linaanza kuachia lenyewe polepole. Safari yote inaweza kuchukua mwaka mmoja mpaka mitatu. Kulivuta kwa nguvu katika ule wakati wa maumivu kunalichokoza zaidi, ndiyo maana zile siku tatu sikulala. Kwa hiyo hata kama yule kijana wa kasia angekuwa na nia njema, ugonjwa unaokwenda kwa miezi hauwezi kubanwa kwenye kadi ya siku 60.

Akaniuliza swali ambalo kule hakuna aliyeniuliza: una sukari? Nikasema sina. Akaniambia nikapime, kwa sababu mabega haya yanawapata sana wenye kisukari, na umri wake ni huu wa 40 mpaka 60. Nikapima asubuhi kabla ya kula, ikaja 9.8. Mpaka wa kuitwa kisukari ni 7, wakarudia kupima, ikawa kweli. Nililipa 360,000 kuwashiwa taa, na kipimo cha tone la damu ndicho kilichokuwa na habari. Daktari akanichoma sindano moja ya kupunguza uvimbe ndani ya kiungo, akanionya kwamba kwa mwenye kisukari sukari hupanda siku chache baada yake, nipime nyumbani. Usiku ukaanza kulalika.

Kwa fizio yule nilienda mara 7 ndani ya miezi 8. Ndiyo, mara 7. Mara mbili za mwanzo ziliachana wiki mbili, zilizofuata zikawa za kila mwezi au zaidi. Kazi nilikuwa naifanya nyumbani: nainama nimeegemea meza, mkono unaning'inia, nauchezesha kama pendula. Kisha nashika fimbo ya fagio kwa mikono miwili, mkono mzima unausukuma mgonjwa kuelekea nje. Dakika chache, mara kadhaa kwa siku. Kipimo chake kilikuwa rahisi: maumivu ya mazoezi yakiwa bado yapo kesho yake asubuhi, jana nilizidisha. Namba zikawa 10, 15, 30, mwisho 50. Hata ningelipa zile 7 kwa bei ya kule, ni 175,000. Pale nililipa chini ya nusu ya hiyo.

Ndiyo maana kanuni yangu ni moja, na nyumbani kwangu wameichoka: hujapimwa, hujalipia mara ya pili. Mama alipie kuonwa mara moja tu. Atoke na vitu vitatu vimeandikwa: jina la ugonjwa, namba ya leo, na tarehe ambayo watapima namba hiyo tena. Kisha alipe mojamoja mpaka hiyo tarehe. Namba ikiwa haijasogea na hakuna maelezo kwa nini, hakuna sababu ya kuongeza hata mia. Fizio anayejua kazi hatakasirika. Wangu alinitajia mwenyewe kwamba nisirudi kabla ya wiki nne, ningekuwa napoteza nauli.

Usiku huu mjaribu mama hilo la kiwiko ubavuni. Mwekee kitambaa kati ya kiwiko na ubavu akibane, azungushe mkono nje, kisha umsaidie taratibu bila kulazimisha. Ukigoma kwake na kwako pia, unafanana na wangu. Ukigoma akiwa peke yake lakini ukimsaidia unaenda, huenda ni msuli au mshipa wake wa kushikia mfupa, na huo una njia nyingine, mara nyingi mazoezi ya kuimarisha kwa wiki kama 12. Wewe usimtibu, ila utajua wa kumuuliza maswali. Na akapime sukari hata kama utapuuza mengine yote niliyoandika.

Watakuja hapa kusema vifurushi vina faida. Sawa. Jirani yangu alipata kiharusi, upande mmoja ukalegea, huyo alikuwa anakwenda mara tatu kwa wiki kwa miezi, na hilo lilijulikana siku ya kwanza. Huyo punguzo lilimsaidia. Lakini hata yeye alilipia tano tano, na kadi yake haikuwa na siku ya kufa.

Eeh, na ushauri nasaha. Hapo sina maneno mengi. Mdogo wangu alipoachika alikwenda kwa mnasihi aliyefuata utaratibu wa Shirika la Afya Duniani unaoitwa PM+, vikao 5, kimoja kwa wiki, dakika 90, na vikamtosha. Kwa hiyo 6 siyo namba ya ajabu. Ila huyo mtu mama atamwambia mambo ya mumewe marehemu, huwezi kumnunua kwenye kifurushi kama nyanya za chini ya fungu. Akamwone kwanza mara moja, akitoka akasema nitarudi, lipia cha pili. Na kabla ya hapo mlale chumba kimoja usiku mmoja. Akishtuka kila anapogeukia kushoto, kinachomwamsha ni bega, na hizo 120,000 zinaweza kusubiri. Akikaa macho tu anaangalia dari, hapo ndipo mnasihi.

Kuhusu Jumamosi usihangaike. Ofa yangu mimi ilikuwa inaisha Ijumaa. Nimepita pale baada ya miezi mitatu, bango linaning'inia palepale, limepauka kwa jua lote, isipokuwa neno Ijumaa. Hilo walikuwa wamelipaka rangi upya.