Uliza kwanza turubai lako linalala wapi Ijumaa

*Swali la wiki: Mkikodi turubai, viti na muziki kwa ajili ya sherehe, huwa mnapatana nini na mwenye vifaa kuhusu advansi, muda wa kuleta na vitu vinavyoharibika?*

Ndugu Mhariri, mimi ni mweka hazina wa kamati za sherehe katika ukoo wetu hapa Tabora mjini, na jibu langu linaanzia kwenye kalenda kabla ya pesa. Huku kwetu harusi nyingi hufungwa kiangazi, mavuno yakishaingia na malipo ya tumbaku yakianza kuwafikia watu. Kuanzia Juni hadi Septemba kila Jumamosi ina harusi, na kila Ijumaa ina sendofu. Wenye vifaa ni walewale. Kwa hiyo turubai unalolipia la Jumamosi mara nyingi Ijumaa usiku liko kwenye sherehe ya mtu mwingine, limejaa watu wanaocheza.

Chanzo cha ucheleweshaji mwingi ni hicho. Jirani yetu wa Isevya aliahidiwa vifaa Jumamosi saa 12 asubuhi. Kumbe viti vyake vilikuwa kwenye sendofu upande wa Ipuli, na muziki ulizimwa huko saa 7 usiku. Vijana wakaanza kufungua turubai gizani, kirikuu ikapakia viti kwanza, ikarudi kufuata vyuma, na mzigo wa mwisho ukashuka saa 4 asubuhi. Wazee walikuwa wameshafika kwa ajili ya ndoa, wamesimama chini ya mwembe.

Siku hizi swali langu la kwanza kwa mwenye vifaa ni hili: "Ijumaa vitu hivi vina kazi wapi, na vitafunguliwa saa ngapi?" Akisema havina kazi, naomba vifungwe kwetu Ijumaa saa 10 jioni. Akisema vina kazi, naomba turubai lingine, au tukubaliane nusu ya mzigo ije Ijumaa. Anayejibu "usijali mama, vitafika" bila kutaja saa, namshukuru na kwenda kwa mwingine.

Advansi nayo tunaigawa ili iende na vitu vyenyewe. Tulipokuwa tukimuoza mpwa wangu tulikodi maturubai 3 kwa shilingi 50,000 kila moja, viti 200 kwa 500 kila kimoja, na muziki pamoja na jenereta kwa 250,000. Jumla 500,000. Mwenye vifaa alitaka yote mkononi, tukapatana hivi: 200,000 siku ya kushika tarehe, 200,000 maturubai yakishasimama na viti vikishahesabiwa, na 100,000 ya mwisho muziki ukizimwa kwa saa tuliyokubaliana. Ile ya mwisho ndiyo inayomfanya fundi mitambo asiondoke saa 2 usiku kuwahi kazi nyingine.

Nje ya hizo tuliweka dhamana ya uharibifu, shilingi 50,000, kwenye karatasi yake. Watu wengi huichanganya na advansi, na hapo ndipo ugomvi huzaliwa. Advansi ni sehemu ya bei, ikishaliwa imeliwa. Dhamana ni pesa yako iliyokaa kwake kwa muda, na lazima irudi, yote au ikiwa imepunguzwa kwa sababu inayotajwa. Ukiandikiwa risiti moja ya 250,000 yenye neno "malipo" tu, kesho yake huna pa kushika unapodai dhamana yako.

Sasa viti. Tulivihesabu vikishuka kwenye gari, mimi na kijana wa mwenye vifaa, mafungu ya kumi kumi. Vilikuwa 196. Katika hivyo 2 vilikuwa na ufa kwenye mguu wa nyuma, pale mguu unapoungana na kikalio. Ufa huo huuoni kiti kikiwa kwenye fungu. Inabidi ukishushe, ukigeuze na kukikandamiza kidogo, utauona unafunguka. Tukaviweka pembeni visikaliwe, tukavipiga picha, tukaandika nakala mbili: "vimefika 196, vibovu 2", sahihi yangu na yake. Kwenye malipo ya pili tulikata 3,000 ya viti 6, yaani 4 ambavyo havikufika na 2 vibovu. Pesa ni ndogo, lakini bila karatasi ile Jumapili tungedaiwa viti 4 ambavyo havikuwahi kufika kwetu.

Jumapili asubuhi tulirudisha 196, vilivyovunjika 4. Viwili ni vile vya mwanzo, kwa hiyo vyetu ni 2. Bei ya fidia tulikuwa tumeiandika mapema, 12,000 kwa kiti, kwa sababu kiti kilichotumika miaka hakistahili kulipwa kama kipya. Turubai moja lilikuwa na tundu la ukubwa wa shilingi, limeungua kando, cheche ya udi. Mwenye vifaa akataka tulipie kitambaa chote cha upande ule. Tukamwonyesha mstari tulioandikiana: kinachotengenezeka kinalipiwa matengenezo. Fundi cherehani alitaja 10,000 ya kiraka. Kwa hiyo 24,000 na 10,000, tukarudishiwa 16,000 palepale.

Upepo wa Julai na Agosti una sehemu yake. Turubai likiangushwa kwa sababu vigingi vilipigwa juujuu, hilo ni la mwenye vifaa, maana vijana wake ndio waliofunga. Likianguka kwa sababu wapishi wenu walifungua kamba ili wapitishe sufuria, ni lenu. Ndiyo maana baada ya kufunga nazunguka na kijana wake, tunavuta kila kamba pamoja, na ninawaambia wapishi wasizisogelee. Jiko nalo liwe mbali, masizi hayatoki kwenye kitambaa cheupe.

Spika zinafuata mantiki hiyohiyo. Sauti ikianza kukwaruza na fundi akaendelea kupandisha, koili ya ndani inaungua, na hilo ni la fundi aliyekuja na vyombo. Lakini kamati ikileta mpiga muziki wake juu ya vyombo vya mtu, au ikichomeka jokofu la soda kwenye jenereta ya muziki, hasara inahamia kwa kamati. Kataeni kuchomeka chochote hapo. Petroli muandike pia ni ya nani, na kibali cha muziki mnakifuata wenyewe kwa mtendaji, saa iliyoandikwa humo ilingane na saa mnayolipia.

Ukipata mtu anayekuambia maandishi ya nini, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamtaka anayeshika mali ya mwenzake aitunze kama mtu makini anavyotunza yake; akifanya hivyo na bado ikaharibika, habebeshwi hasara isipokuwa kama alikubali hivyo. Kwa hiyo soma vizuri ile karatasi ya mwenye vifaa. Nyingine zina mstari unaosema mteja atalipa uharibifu wowote kwa sababu yoyote. Huo tunaukata kwa kalamu, wote wawili tunaweka sahihi pembeni.

Na kuahirisha. Msiba unaweza kuingia siku 2 kabla ya harusi. Andikeni kuwa advansi itahamia tarehe mpya ndani ya miezi 3, bila nyongeza, na kwamba mwenye vifaa akishindwa kuleta ataurudisha mzigo wote wa pesa siku hiyohiyo.