Mkipishana koridoni mara ya tano: maswali yenu

"Mwenzangu wa ofisi nimeshamsalimia asubuhi vizuri tu, ila mpaka saa nane tushapishana mara nne. Nisemeje?"

Usirudie "habari". Hapo ndo wengi tunakwama, maana habari ni swali na swali linataka jibu, sasa mtu kashakwambia "nzuri" saa mbili, saa tatu unamuuliza tena, akupe jipya gani? Mara ya kwanza salimia kamili, za nyumbani, watoto wameamkaje, hasa Juni hii Mbeya baridi imekaza kila mtu na sweta lake. Mara ya pili hamia kwenye pole: "pole na kazi", naye "asante, na wewe", hamna anayesimama. Ya tatu taja jina tu na tabasamu, ya nne nyusi zinatosha.

Jana mimi na dada wa masjala ilikuwa hivyohivyo, asubuhi tuliongea mpaka chai yake ikaanza kupoa mkononi, saa nne kabeba mafaili hadi kidevuni nikamwambia "pole mama" nikamshikia mlango, saa tano tukatazamana tu tukacheka. Halafu sikumwona mpaka saa tisa, hapo nikamwambia "za tangu asubuhi?" na aliijibu kwa kirefu, kwa sababu masaa yamepita na habari zipo. Kwa hiyo angalia muda, sio idadi tu.

"Shikamoo je, kwa mzee wa ofisini nairudia kila nikikutana naye?"

Moja kwa siku inatosha, baada ya hapo ni "pole na kazi baba" au "mama". Ila kama umesahau kama ulishamwamkia, we mwamkie tu, atasema "marahaba, si tulishaonana" na yameisha. Kumpita kimya ndo kunamuuma, mzee anabaki anajiuliza amekukosea nini. Na kwa wenzetu wa Iringa na Njombe, akikwambia "kamwene" itikia "kamwene", usikimbilie "poa".

"Korido yetu ndefu, namwona tangu yuko kule mwisho. Macho niyaweke wapi?"

Inua mkono kidogo ajue umemwona, alafu angalia njia yako au karatasi ulizoshika. Zikibaki hatua nne au tano ndo umtazame na useme neno lako. Ukianza kuongea yuko kule mwisho, maneno yanaisha kabla hamjafikiana na mnamalizia zile hatua za mwisho mnaangaliana bila la kusema, hiyo ndo inayofanya watu wajione wajinga.

"Mchana kanipita bila hata kunitazama. Kanuna?"

Mara moja haisemi kitu, huenda kaitwa na bosi anawaza cha kujibu. Subiri salamu ya kesho asubuhi. Hiyo nayo asipoitikia, mfuate mezani kwake kwa utaratibu umuulize, koridoni hapana, watu wanapita.