Wiki ngapi za kupanga kwa kina?

"Tunajenga Goba, udongo hatujapima na hela inakuja kwa awamu. Nipange wiki ngapi kwa kina?"

Sita. Mbili za mwanzo andika kazi ya kila siku, fundi gani, mifuko mingapi ya saruji. Nne zinazofuata andika kwa wiki tu. Baada ya hapo ni miezi na hatua: jamvi, nguzo, paa. Msingi wenyewe uupe wiki 3 hadi 6, usiupe tarehe moja mpaka majibu ya udongo yatoke. Kila Ijumaa ondoa wiki iliyoisha, ongeza moja mwishoni.

Anayesema "mambo ya mbali usiyaguse" amepatia nusu. Madirisha ya alumini yakichukua wiki 10 kufika, siku ya kuyaagiza iingie kwenye mpango wa kina mapema, hata kama kuyafunga bado sana. Na uchimbaji usiangukie masika, Machi hadi Mei, mtaro utajaa maji na kingo zitaporomoka.

Kazi ikisogezwa wiki tatu mfululizo, acha kubadili tarehe. Tafuta kilichoikwamisha, mara nyingi ni malipo. Awamu za hela zikichelewa sana, hata sita ni nyingi. Baki na tatu.