Miaka mitano ya kutunza majalada huhesabiwa kuanzia lini, na nani anateketeza?

"Wakuu, mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri. Stoo imejaa, na bosi ameagiza tuchome kila kitu kilichozidi miaka mitano. Je, ni sahihi? Na nikichoma, nani anawajibika?"

Mkuu, usichome hata karatasi moja kabla hujasoma haya. Nimekaa masjala miaka mingi na nimeliona agizo kama hilo likitekelezwa.

Hiyo miaka mitano bosi wako hakuitunga. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake miaka 5, na sheria ya ajira inamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira ya mfanyakazi miaka 5 baada ya ajira kukoma. Watu wamezibeba namba hizo na kuzigeuza kanuni ya stoo nzima. Jalada la serikali linaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, na muda wake unatoka kwenye jedwali la kuhifadhi na kuteketeza kumbukumbu, ambalo hutaja muda wa kila kundi la majalada peke yake.

Ukilishika jedwali, usikimbilie namba. Soma kwanza maneno yanayoifuata: "baada ya mkataba kukamilika", "baada ya mtumishi kuacha kazi", "baada ya ukaguzi". Hapo ndipo saa inapoanza kuhesabu, na hapo ndipo nimeona wengi wakikosea.

Katika ofisi moja niliyowahi kufanya kazi kulikuwa na jalada la ujenzi wa madarasa. Juu ya gamba paliandikwa 2006, mwaka lilipofunguliwa. Mwaka 2012 stoo ikasafishwa, na vijana wakapanga majalada kwa kuangalia gamba tu: 2006, imezidi mitano, weka kwenye rundo la kuchoma. Hakuna aliyelifungua. Wangefungua wangekuta folio ya juu kabisa, iliyoshikwa na ule uzi wa kijani, ni barua ya mkandarasi ya Machi 2009 akipinga kukatwa sehemu ya malipo yake ya mwisho. Barua hiyo haikuwa imejibiwa.

Mwaka 2014 ikaja hati ya wito wa mahakama. Madai ya mkataba kwa sheria yetu ya ukomo yana miaka 6, na mgogoro ulizaliwa 2009, kwa hiyo mkandarasi alikuwa ndani ya muda. Yeye alikuja na nakala zake zote. Sisi tulikuwa na majivu. Vyeti vya ukaguzi wa kazi, ambavyo ndivyo vilivyoeleza kwa nini fedha zilikatwa, vilikuwa ndani ya jalada lile, na mwanasheria wetu alisimama mahakamani bila karatasi ya kushika. Mpaka leo nikikumbuka naumia, kwa sababu kulifungua jalada lile kungechukua dakika moja.

Kwa hiyo kila jalada lifungue, tazama tarehe ya folio ya mwisho, kisha ujiulize jambo lenyewe limekwisha? Mkataba uliokamilika 2008 lakini una mgogoro wa 2009 haujaisha. Jalada lenye hoja ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu ambayo haijafungwa, au linalohitajika na kesi au na uchunguzi wa TAKUKURU, haliguswi hata kama jedwali linasema muda umepita. Jalada la kiwanja nalo kuwa nalo makini zaidi, kwa kuwa madai ya kurejesha ardhi yana miaka 12. Na faili binafsi la mtumishi, hata akifariki, warithi watalihitaji kwa ajili ya mafao.

Sasa nani anateketeza. Wewe peke yako hapana, na bosi wako peke yake hapana. Masjala huandaa orodha yenye namba ya jalada, jina lake, tarehe ya folio ya kwanza na ya mwisho, na kifungu cha jedwali kinachohusika. Idara iliyozalisha jalada inathibitisha kwamba hailihitaji tena. Mkuu wa taasisi anaipeleka orodha kwa Mkurugenzi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, naye ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu. Yale yenye thamani ya kudumu, kama mihtasari ya vikao vya baraza, huenda kwenye hifadhi ya taifa. Ruhusa ikija kwa maandishi, uteketezaji unafanyika mbele ya mashahidi, na hati ya uteketezaji inasainiwa. Hiyo hati na orodha yake vitunze daima, kwani siku mtu akiuliza jalada liko wapi, ndilo jibu lako.

Kuchoma bila ruhusa hiyo ni kosa la kisheria, na kusema "niliagizwa kwa mdomo" hakutakusaidia. Mwandikie bosi dokezo leo: eleza stoo imejaa, omba kibali cha kuandaa orodha, na uambatishe majalada ishirini ya mwanzo uliyokwisha kuyafungua. Mara nyingi akishaiona folio ya mwisho ya jalada moja tu lenye mgogoro, agizo la kuchoma hulifuta mwenyewe.