Leseni kwa jina langu, duka la mgeni

"Rafiki yangu wa kigeni anataka duka la jumla Kariakoo, leseni itoke kwa jina langu. Kuna shida?"

Ndugu, ipo. Amri ya Julai 2025 inawazuia wasio raia kufanya biashara ya jumla na rejareja, isipokuwa supamaketi na vituo vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Akikamatwa, faini ni kuanzia milioni 10 au kifungo hadi miezi sita, na kibali cha ukaazi kinafutwa. Wewe uliyemsaidia: milioni 5 au miezi mitatu.

Jamaa yangu alikubali hivyo hivyo. Kitabu cha hundi alishika mgeni, TIN ilikuwa ya jamaa yangu. Deni la kodi likamfuata yeye. Kabla ya kusaini chochote BRELA, muone wakili.