Mtazamo wa mwandishi hukaa baada ya "ila": jinsi ya kuujibu kwenye ufahamu wa kuchagua

Mnunuzi akisimama mbele ya muuza viazi pale Uyole akasema, "Mama, viazi vyako vizuri sana, ila…", mama hasubiri amalize. Anajua sifa ile ilikuwa ya kufungulia mlango, na kinachokuja sasa ni bei kushushwa. Mtu yuleyule akikaa kwenye mtihani wa ufahamu, akakuta aya inayosifu kwanza na kulalamika baadaye, anaweka alama kwenye chaguo linalosema mwandishi amefurahi. Sikio analo. Anachokosa ni kulitumia kwenye karatasi.

Hapa tunazungumzia kiwango cha kati cha juu, yaani B2. Kwenye mtihani wa B2 wa Cambridge, kwa mfano, maswali ya namna hii yako katika sehemu ya 5 ya karatasi ya kusoma: kifungu kimoja kirefu, maswali 6, machaguo 4 kwa kila swali, na kila jibu sahihi lina alama 2. Si yote 6 yanayouliza mtazamo, lakini yanayouuliza ndiyo yanayoangusha hata mwanafunzi aliyeelewa karibu kila neno la kifungu. Sababu ni kwamba machaguo mabaya hayatungwi hewani. Kila moja lina kipande chake cha kweli ndani ya kifungu.

Mfano huu tumeutunga kwa Kiswahili makusudi, ili usihangaike na msamiati, uone mtego peke yake.

"Mizani imefika kwenye gulio letu, na hakuna anayeweza kukana kwamba inastahili pongezi: mkulima wa viazi sasa anajua anauza kilo ngapi, na lumbesa haina tena pa kujificha. Wanunuzi wanalalamika kwamba wanacheleweshwa, watazoea. Ila Jumanne saa mbili asubuhi foleni ilikuwa imefika barabarani, mizani ni moja tu, na ufunguo wa chumba chake alikuwa nao mtu ambaye eti yuko njiani. Kama nia ilikuwa kumlinda mkulima, ingefaa mtu akumbuke kwamba mkulima huyo ana shamba linalomsubiri."

Swali: Mwandishi ana mtazamo gani kuhusu mizani iliyoletwa gulioni?

A. Anatoa pongezi kwa jinsi inavyoendeshwa.
B. Anaona inawasumbua wanunuzi bila sababu.
C. Anaikubali, lakini hajaridhika na utaratibu wake.
D. Anaamini ililetwa ili kumhadaa mkulima.

Kabla ya kusoma A hadi D, yafunike kwa kiganja au rula. Hatua hii watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, kwa sababu ukishasoma machaguo manne, kichwa kinaanza kutafuta ushahidi wa lile lililokupendeza. Soma swali tu na upigie mstari vitu viwili: mtazamo wa nani, na kuhusu nini. Hapa ni wa mwandishi, kuhusu mizani.

Kisha pita aya sentensi kwa sentensi ukiwa na penseli. Pembeni weka alama ya kujumlisha kama sentensi inasifu, ya kutoa kama inalaumu, na karibu yake herufi ya mwenye maoni. Sentensi ya kwanza: jumlisha, M ya mwandishi. Ya pili ina kutoa, lakini mwenyewe ni W, wanunuzi. Neno "watazoea" ndilo la mwandishi, nalo linawapuuza. Ya tatu na ya nne: kutoa, M. Sasa sema kwa maneno yako, kwa kifupi: "Kitu ni kizuri, kinaendeshwa vibaya." Ondoa kiganja. C inakuja yenyewe.

Lakini usiondoke bado, maana kujua kwa nini mengine si sahihi ndiko kunakokusaidia kwenye kifungu kijacho. A imeazima neno "pongezi" kutoka sentensi ya kwanza. Chaguo linaporudia neno la kifungu jinsi lilivyo, lishuku kwanza. Jibu sahihi mara nyingi husema jambo lilelile kwa maneno mengine. Tena A inasema "inavyoendeshwa", na pongezi zilikuwa za mizani yenyewe, si za uendeshaji wake. B ni mtazamo wa kweli kabisa, ila ni wa mtu mwingine. Wakati umebana, macho huona lalamiko na kusahau mlalamikaji ni nani, ndiyo maana tunasisitiza ile herufi pembeni.

D ndiyo inayowanasa wanafunzi wazuri. Wamesikia "eti", wamesikia "kama nia ilikuwa", wakaona mwandishi anashuku. Ni kweli "eti" inaonyesha haamini kwamba yule mtu yuko njiani. Lakini shaka hiyo inamgusa mwenye ufunguo, haigusi lengo la mizani. Na "kama nia ilikuwa" haikanushi nia. Inaitumia kama kipimo cha kuonyesha pengo. Jaribu kufuta sentensi ya kwanza kichwani: D inapata nguvu kidogo. Irudishe: mwandishi mwenyewe amekiri faida kwa mkulima, kwa hiyo D haisimami. Upande ni uleule wa lawama, kilichozidi ni ukali.

Hapo ndipo penye kazi kubwa kwa anayefanya mtihani wa Kiingereza. Machaguo ya mtazamo hutumia maneno ya hisia, na ukiyajua kwa ujumla tu kama "mazuri" na "mabaya", huwezi kutenganisha C na D ya aina hii. Kwenye daftari yaandike kama ngazi. Chini kabisa weka neno la Kiingereza lenye maana ya kuwa na mashaka, juu yake kutoridhika, kisha kukerwa, kisha kughadhibika. Tengeneza ngazi nyingine ya upande wa sifa: kuridhika, kuvutiwa, kustaajabia. Maneno matatu au manne kwa kila ngazi yanatosha kuanzia. Neno la kutojali liweke pembeni, peke yake; lina tabia ya kuonekana kama jibu la salama, lakini ni nadra mtu asiyejali jambo kuandika aya nzima kulihusu.

Chaguo lenye vipande viwili, kama C, likate katikati na utafute ushahidi wa kila kipande. "Anaikubali": sentensi ya kwanza. "Hajaridhika na utaratibu": foleni, mizani moja, ufunguo. Kipande kimoja kikikosa mstari wa kukishika, chaguo lote limeanguka, hata kama kile kingine ni kweli tupu.

Yakibaki mawili na dakika zinakwenda, rudi kwenye sentensi iliyo baada ya "ila", "hata hivyo" au "lakini" ya mwisho katika aya, uone ni lipi kati ya hayo mawili linaikubali bila kuongeza ukali. Usipopata, weka alama kwenye lile lenye ukali mdogo uendelee. Kwenye mtihani wa Cambridge jibu lenye kosa halikatwi alama, na kuacha wazi ndiko kunakokunyima hata bahati.